Mchangiaji Hakuondoka, Kadi Yake Ndiyo Iliyogoma

Shirika linaloishi kwa michango ya kila mwezi huwa na namba moja inayosomwa kwenye kila kikao: wachangiaji wangapi tunao. Mwaka ulianza na 400, umeisha na 410, basi tumekua. Kazi yangu ni kufungua majedwali yaliyo nyuma ya namba hizo, na ninayoyakuta humo yamenifanya nisiiamini tena namba hiyo peke yake. Biashara za usajili, zile zinazomkata mteja kila mwezi, zilijifunza zamani kuhesabu kwa namna nyingine, na mashirika mengi bado yanashikilia dhana ambazo biashara hizo zimekwisha kuziacha. Nitatumia shirika moja la mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila mchangiaji wake anatoa 20 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote ile.

Dhana: idadi ikipanda, maana yake watu wanabaki

Chukua majina 400 yaliyokuwepo tarehe 1 Januari, uyafuate hayo tu mpaka mwisho wa Desemba. Usimwingize mtu mpya hata mmoja. Katika shirika letu la mfano, waliobaki ni 250. Wale 160 wengine wanaofikisha 410 ni wageni walioingia katikati ya mwaka, na wageni huja kwa gharama ya matangazo, mikutano na simu nyingi. Kiwango cha kubaki ni 250 kugawanya kwa 400, yaani asilimia 62.5. Zaidi ya theluthi moja ya waliokuwepo wamekwisha kutoka, na idadi ya jumla haikuonyesha chochote.

Kinachopumbaza ni kwamba kwa mwezi mmoja upotevu huo unaonekana mdogo. Unakaribia asilimia 3.8, kama watu 15 katika mwezi wa kwanza. Ripoti ya kila mwezi inasema asilimia 96 wamebaki, na 96 ni alama nzuri kwenye karatasi yoyote. Lakini alama hiyo hujizidisha yenyewe mara 12, na ndiyo maana mwaka huishia kwenye 62.5.

Kabla ya kukokotoa, kubalianeni nani anaitwa hai. Mifumo mingi ya kupokea michango huendelea kumwandika mtu kuwa hai hadi pale atakapoghairi mwenyewe, hata kama fedha zake hazijaingia kwa miezi minne. Mimi namhesabu aliye na malipo yaliyopita ndani ya siku 60 zilizopita, yaani nampa nafasi ya kukosa mwezi mmoja. Mashirika mengine huchukua 45. Chagueni moja, muiandike, msiibadilishe katikati ya mwaka.

Dhana: aliyekoma kutoa ameamua kukoma

Hii ndiyo inayogharimu zaidi. Mkurugenzi akisikia watu 150 wamepotea, huanza kuuliza kama ujumbe wa shirika umechosha au kama barua za mwezi ni nyingi mno. Maswali mazuri, ila kwanza wagawe hao 150. Fungua tukio la mwisho katika rekodi ya kila mmoja. Ukikuta ombi la kusitisha, huyo aliamua. Ukikuta malipo yaliyokataliwa na baada yake kimya, huyo hakuamua lolote.

Katika shirika letu, 63 walighairi wenyewe. Wengine 87 malipo yao yalikataliwa na hakuna aliyeshughulika. Kadi ya benki ina tarehe ya kuisha. Ikipotea au ikiibwa, benki hutoa nyingine yenye namba mpya. Wakati mwingine salio halikutosha siku hiyo tu. Mwenye kadi anaendelea na maisha yake, moyoni akijua kwamba yeye bado ni mchangiaji.

Hapa ndipo shirika linapotofautiana na biashara ya usajili, na watu wengi hupita bila kuliona hili. Mteja wa huduma ya filamu akishindwa kulipa, skrini inafungwa, naye anaona jioni hiyo hiyo na kurekebisha kadi yake. Mchangiaji malipo yake yakikwama, hakuna kinachozimika nyumbani kwake. Wanafunzi wanaosomeshwa wako mbali, kisima kinachochimbwa kiko mbali. Asipoambiwa, hana njia ya kujua. Kwa hiyo shirika lina wajibu mkubwa wa kumjulisha kuliko biashara yoyote, na mara nyingi ndilo linalonyamaza.

Thamani ya kuwarudisha inapimika. Tuseme shirika linarekebisha nusu ya hao 87, watu 43. Waliobaki wanakuwa 293 kati ya 400, asilimia 73. Upotevu wa mwezi unashuka kutoka asilimia 3.8 hadi karibu 2.6. Ukigawanya 1 kwa upotevu wa mwezi unapata wastani wa muda ambao mchangiaji hukaa, na muda huo umetoka miezi 26 hadi takriban 39. Kwa mchango wa 20, mtu mmoja ametoka kutoa 520 hadi kutoa karibu 780, bila kuombwa kuongeza chochote. Kanuni hiyo ni ya kukadiria tu, kwa sababu watu wapya huondoka haraka zaidi katika miezi ya mwanzo kuliko waliokwisha kuzoea. Ndiyo maana ni vizuri kuwafuata kwa makundi, waliojiunga Machi peke yao, waliojiunga Juni peke yao. Kundi likipoteza watu wengi mwezi wa pili, tatizo lipo katika namna walivyoandikishwa.

Dhana: malipo yakikataliwa, jaribu tena kila siku mpaka yapite

Benki ikikataa hutoa sababu, na mfumo wa malipo huionyesha kwa msimbo. Misimbo hutofautiana kwa majina kati ya mfumo na mfumo, lakini utakutana na kama `insufficient_funds`, `expired_card`, `lost_card`, `stolen_card` na `do_not_honor`. Ziweke katika mafungu mawili kichwani. Fungu la kwanza ni la kupita: salio halikutosha leo, benki haikupatikana. Hapo kujaribu tena kunasaidia. Fungu la pili ni la kudumu: kadi imeripotiwa kuibwa, akaunti imefungwa. Hapo ujaribu mara 20 hutapata kitu, na mitandao ya kadi imeweka ukomo wa majaribio na tozo kwa wanaouvuka. Mbaya zaidi, benki zikiona unagonga ovyo zinaanza kuyatilia shaka hata malipo yako mazuri. `do_not_honor` ndiyo ngumu kusoma, kwa kuwa benki imekataa bila kueleza. Mimi huijaribu tena mara mbili au tatu, kisha namwandikia mwenyewe.

Kwa aliyekosa salio, siku ina uzito kuliko wingi wa majaribio. Ratiba ninayoipenda ni siku ya 3, kisha siku ya 7, kisha siku za mwanzo za mwezi unaofuata, wakati wengi wamekwisha kupokea mshahara. Kwa kadi zilizoisha au kubadilishwa, uliza mtoa huduma wako wa malipo kama amewasha Visa Account Updater na Mastercard Automatic Billing Updater. Hizo huleta taarifa za kadi mpya kutoka benki zilizojiunga, na mchangiaji hasumbuliwi hata kidogo. Si benki zote zimejiunga, hivyo usitegemee zimalize kazi yote. Na tarehe ya kuisha kwa kadi unayo tangu siku ya kwanza. Kumwandikia mtu wiki tatu kabla ni rahisi kuliko kumtafuta miezi mitatu baadaye.

Ujumbe wenyewe nao una adabu yake. Niliwahi kupokea barua kutoka shirika nililokuwa nalichangia, ikisema “una deni la miezi miwili, tafadhali lipa mara moja.” Iliniuma. Mchango si deni. Shirika hilo lilikuwa limechukua barua ya kampuni ya usajili na kubadilisha jina tu. Ujumbe unaofaa ni mfupi: “Mchango wako wa mwezi huu haukupita, huenda kadi imebadilishwa. Ukipenda kuendelea, gusa hapa uweke kadi mpya.” Kiungo kimfikishe moja kwa moja kwenye sehemu ya kadi, asidaiwe nywila aliyoisahau. Akirudi, anza na mwezi unaofuata. Usimkate miezi miwili kwa pamoja, kwani kukatwa 40 mahali pa 20 bila taarifa kumewafanya watu wema wafunge mlango kabisa.

Dhana: anayetoa kila mwezi asiguswe, ukimwomba aongeze ataondoka

Wapo watakaoondoka, na hofu hiyo haikutoka hewani. Lakini inapimika, na ikipimwa huacha kuwa hofu.

Chukua wachangiaji 240 waliokaa zaidi ya mwaka, uwagawe katika makundi mawili kwa kura. Kundi moja la 120 waombe wapande kutoka 20 hadi 25, kundi la pili usiwaambie kitu. Subiri siku 90. Tuseme walioombwa 18 wamekubali, hiyo ni 90 zaidi kila mwezi. Walioghairi katika kundi hilo ni 7, na katika kundi lisiloombwa ni 4. Hao 4 wangeondoka hata hivyo, kwa hiyo ombi linabebeshwa watu 3 tu, yaani 60 kwa mwezi. Faida halisi ni 30. Bila kundi la pili ungelaumu ombi kwa wote 7, sawa na 140 kwa mwezi, na ungeapa kutoomba tena. Tofauti ya watu 3 ni ndogo pia, inaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo rudia na kundi jingine kabla ya kuamua.

Katika hesabu ya walioghairi usiwachanganye waliokataliwa na benki. Na yeyote ambaye malipo yake yamekwama mwezi huu mtoe kwenye orodha ya kuombwa. Mtu anapata ujumbe wa kadi kugoma asubuhi na ombi la nyongeza jioni, ataona hamsemezani ofisini. Nyongeza yenyewe iwe na kibali chake cha wazi kila mara. Kupandisha kimya kimya kwa maneno madogo kwenye fomu huleta madai ya kurudishiwa fedha kupitia benki, na kila dai lina tozo.

Mwisho wa mwaka weka namba mbili bega kwa bega kwa wale 400 wa Januari: wangapi wamebaki, na fedha kiasi gani inaingia kutoka kwao. Mwanzo walileta 8,000 kwa mwezi. Sasa 250 wanaleta 5,000, pamoja na 150 za watu 30 waliopanda kwa 5 kila mmoja, jumla 5,150, asilimia 64. Namba hizo mbili zikikaribiana hivi, picha ni ya kweli. Fedha ikionyesha 90 na watu 62, fungua jedwali umtafute mchangiaji mmoja au wawili waliopanda sana, kwa sababu kadi yao nayo ina tarehe ya kuisha.