Simba Aliyelala Juani Si Mgonjwa: Ufafanuzi kwa Wageni wa Hifadhi ya Ruaha

Kila msimu wa kiangazi, wakazi wengi wa Dodoma wanaposafiri kupitia Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tunapokea taarifa za simba "aliyekufa" au "aliyechomwa sindano ya usingizi ili watalii wamwone". Taarifa hizo hutolewa kwa nia njema, lakini karibu zote zinahusu simba mzima aliyeshiba. Hakuna anayewapa simba dawa ya kuwalaza ili watalii wawaone, na tungependa dhana hiyo iachwe.

Simba hupumzika kati ya saa 16 na 20 kwa siku. Nyama ni chakula kizito: simba mwenye njaa anaweza kula hadi robo ya uzito wake kwa mlo mmoja, kisha akakaa siku kadhaa bila kuwinda. Kuwinda kwenyewe kuna gharama, kwa kuwa mbio ni fupi na za nguvu zote, na mara nyingi mawindo huponyoka. Ndiyo maana huwinda zaidi usiku, kukiwa na giza la kumficha na hewa ya kumpoza, na mchana hutunza alichopata.

Kinachowatatiza wageni zaidi ni kwamba hulala mahali pa wazi. Nitaeleza kwa kisa nilichokishuhudia mwezi Oktoba kwenye mto wa mchanga wa Mwagusi, asubuhi moja baada ya majike watatu kula nyati usiku kucha. Saa 1 asubuhi walikuwa wamelala katikati ya mto mkavu. Mchanga ulikuwa bado na ubaridi wa usiku, na upepo ulipita kwenye mkondo bila kuzuiwa na kichaka. Vichakani kulikuwa na mbung'o, ambao hupenda kujificha kwenye kivuli. Jike mmoja alilala chali, miguu juu, akiuelekeza upepo tumboni, ambako manyoya ni mepesi na joto hutoka kwa urahisi.

Kufikia saa 3 nilihesabu pumzi zake: 15 kwa sekunde 10, yaani 90 kwa dakika, mdomo wazi na ulimi nje. Mgeni aliyekuwa nasi alisema mnyama huyo anakata roho. La hasha. Simba hana jasho la kumpoza mwilini, kwani tezi zake chache za jasho ziko kwenye nyayo. Hupoa kwa kuhema, maji yakiwa mvuke kwenye ulimi na njia ya hewa. Usagaji wa nyama nao huzalisha joto, hivyo simba aliyeshiba huhema zaidi ya mwenye njaa hata wakiwa wamelala mahali pamoja. Hewa kavu ya kanda yetu humsaidia, kwa sababu mvuke huondoka haraka.

Saa 4 na nusu, mchanga ulipoanza kuchoma, jike yule aliinuka, akatembea hatua kama thelathini hadi chini ya mkwaju ukingoni na kujibwaga tena. Kwa hiyo si kweli kwamba simba hajali jua. Mwili wake mkubwa huchelewa kupata joto, naye huondoka pale hesabu inapomgeukia. Zaidi ya hayo, simba mzima ana wachache wa kuwahofia, hasa simba wenzake na binadamu. Mahali anapowindwa na watu, hushinda kwenye vichaka vizito na humwoni.

Simba mgonjwa hutambulika kwa dalili nyingine: kutetemeka au kukakamaa viungo, kuyumba, kutokwa mate mengi, jeraha linalonuka, au mbavu zilizotokeza kwa mnyama asiyejali chochote. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata pia mbwa, iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na degedege ilikuwa miongoni mwa dalili zake. Aliyelala salama bado huchezesha masikio kufukuza nzi.

Ukiziona dalili hizo, baki ndani ya gari, andika saa na jina la barabara au alama ya karibu, hesabu pumzi ukiweza, kisha toa taarifa kwa askari wa hifadhi au langoni. Kupiga honi, kurusha chupa, kushuka kwenye gari na kuacha barabara ili kumsogelea ni makosa. Askari anaweza kukutoa hifadhini, na kosa linaweza kumalizwa kwa faini au kufikishwa mahakamani, ambapo dereva na aliyemshawishi wote huhojiwa. Kisingizio cha "tulitaka kuhakikisha kama yu hai" tumekisikia mara nyingi mno, na hakikubaliki, kwa sababu simba aliyeamshwa kwenye joto hulazimika kuhama na kupoteza maji ambayo, kwa siku hiyo, huenda aliyapata kwenye damu na nyama ya mawindo pekee.