Mwalimu mkuu amejibu kuhusu ada kwa awamu: jinsi ya kuitafsiri barua na kuleta pendekezo lako

Mzazi ameomba kulipa ada ya muhula kidogo kidogo, na mwalimu mkuu amemjibu kwa lugha ambayo mzazi haisomi vizuri. Kosa la kwanza hapa ni kukimbilia tarakimu. Kiasi na tarehe huonekana wazi katika lugha yoyote, kwa hiyo mtu hudhani ameshaielewa barua. Kumbe linalombana limo kwenye sentensi fupi zilizo kati ya tarakimu hizo.

Tuchukue jibu la mfano, lililoandikwa kwa Kiingereza. Likitafsiriwa kwa uangalifu, linasomeka hivi:

«Asante kwa barua yako. Kwa kawaida shule hutarajia ada yote ya muhula, 48,000, ilipwe siku ya kufungua. Hata hivyo, tuko tayari kupokea nusu siku hiyo, Jumatatu tarehe 5 Januari, na salio kwa awamu mbili zilizo sawa: ya kwanza isivuke tarehe 6 Februari, ya pili isivuke tarehe 6 Machi. Endapo awamu yoyote itachelewa, mpango huu utakoma na salio lote litadaiwa mara moja. Chakula na usafiri havimo katika mpango huu. Tafadhali saini fomu iliyoambatishwa na kuirejesha ndani ya siku 7.»

Sentensi inayoharibika zaidi ni ile ya «endapo». Kiingereza cha barua rasmi hupenda kuianzisha kwa neno «should», ambalo kwingineko humaanisha «yafaa» au «unapaswa». Mfasiri mwenye haraka hupata sentensi isiyo na kichwa wala miguu, kana kwamba shule inamtaka mzazi achelewe, na kwa kuwa haileti maana, anairuka. Mzazi anabaki hajui kwamba akikosa tarehe moja tu anaweza kudaiwa kila kilichobaki. Sentensi ikikataa kueleweka, iandike kama ilivyo na uizungushie duara, kisha umuulize mhasibu wa shule maana yake.

Tarehe nazo zina mtego wake. «Isivuke tarehe 6» inairuhusu siku ya sita yenyewe, lakini «kabla ya tarehe 6» inaishia siku ya tano. Angalia pia kitenzi cha ahadi. «Tuko tayari kupokea» ni ofa, na mzazi anaweza kuikubali leo. «Tuko tayari kufikiria» bado si ofa, na anayelipa kwa kuitegemea hana makubaliano yoyote mkononi. Maneno «kwa kawaida» yasidondoshwe, maana ndiyo yanayoonyesha kwamba shule yenyewe imekwisha kuulegeza utaratibu wake, hivyo kuna nafasi ya kuzungumza.

Asitafsiri mwanafunzi mwenyewe. Barua inamhusu, na ni rahisi mtoto kuulainisha ule mstari unaomtia hofu au kuona aibu kuusoma kwa sauti. Mtafute mtu mzima anayeijua lugha hiyo, na mwombe aitafsiri sentensi kwa sentensi badala ya kukupa muhtasari.

Sasa tuje kwenye jibu. Tuseme mzazi hupata mshahara tarehe 28 na uwezo wake ni 16,000 kila mwezi. Kinachomshinda si jumla ya ada. Ni ile 24,000 ya siku ya kufungua. Akiandika «naomba mnifikirie, hali ni ngumu», anamwachia mwalimu mkuu kazi ya kubuni mpango mwingine, na mtu mwenye barua nyingi mezani hurudia tu aliousema mwanzo. Afadhali alete mpango uliokamilika: 16,000 tarehe 5 Januari, 16,000 Ijumaa tarehe 30 Januari, na 16,000 Jumatatu tarehe 2 Machi. Tarehe 30 inaacha siku mbili baada ya mshahara, endapo benki itachelewa. Machi 2 imechaguliwa kwa sababu Februari 28 inaangukia Jumamosi.

Kabla ya kuandika, linganisha mipango hiyo miwili kwa kuangalia shule itakuwa imepokea kiasi gani kufikia kila tarehe. Siku ya kufungua, mpango wa mzazi uko nyuma kwa 8,000. Tarehe 30 Januari unatangulia kwa 8,000, kwani shule itakuwa na 32,000 wakati mpango wake wenyewe ungekuwa bado kwenye 24,000. Tarehe 6 Februari unarudi nyuma kwa 4,000. Tarehe 2 Machi deni linakwisha, siku nne kabla ya tarehe ya mwisho ya shule yenyewe. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote. Shule inanunua vifaa na kulipa watu katikati ya muhula, kwa hiyo inajali pesa itaingia lini zaidi ya inavyojali sababu za mzazi. Habari za ugonjwa au biashara iliyoyumba zipate sentensi moja, na hata hiyo si lazima.

Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

«Kwa Mwalimu Mkuu,

Kuhusu: Mpango wa kulipa ada ya muhula wa kwanza, (jina la mwanafunzi, darasa)

Nakushukuru kwa jibu lako na kwa kukubali nilipe kwa awamu. Nimeelewa kwamba chakula na usafiri hulipwa kando, na kwamba awamu ikichelewa mpango unakoma.

Mshahara wangu huingia tarehe 28, hivyo sitaweza kufikisha 24,000 siku ya kufungua. Kwa heshima, naomba kupendekeza awamu tatu zilizo sawa za 16,000: tarehe 5 Januari, 30 Januari na 2 Machi. Kwa mpango huu ada yote itakuwa imelipwa kabla ya tarehe 6 Machi uliyoiweka.

Naomba pia kwamba, ikitokea dharura, nikiiarifu shule kwa maandishi angalau siku tatu kabla ya tarehe, nipewe siku tano za ziada kabla ya mpango kusitishwa.

Nikipata kibali chako nitasaini fomu yenye tarehe hizi. Niko tayari kufika ofisini siku utakayoona inafaa.

Wako mtiifu,
(jina, saini, namba ya simu)»

Ombi la siku tano limekaa peke yake kwa makusudi. Mwalimu mkuu anaweza kulikataa na bado akakubali tarehe. Ukiyabana yote katika sentensi moja, jibu la «hapana» linayachukua yote mawili.

Barua hii ikirudishwa katika lugha ya shule, mfasiri asiongeze unyenyekevu ambao haumo. Kiswahili hubeba heshima nyingi bila kudhoofisha ombi, lakini «naomba kupendekeza» ikigeuka «nakusihi sana unihurumie», pendekezo limekuwa ombi la msaada na huenda likapelekwa kwenye meza nyingine kabisa. Tarakimu na tarehe zisomwe kwa sauti kutoka nakala zote mbili, na mwezi uandikwe kwa jina lake, kwa sababu 2/3 kwa mmoja ni Machi na kwa mwingine ni Februari.

Zile siku 7 zihesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua, isipokuwa shule imesema vinginevyo. Fomu usiisaini kabla ya kujibiwa, wala usikate tarehe zake kwa kalamu ukadhani umezibadilisha. Badiliko linahitaji saini ya shule pembeni yake. Ukimya nao si kibali. Siku ya kufungua ikifika bila jibu, lipa ile 16,000, hakikisha risiti imeandikwa «sehemu ya ada, muhula wa kwanza», kisha uombe jibu la maandishi kwa mhasibu siku hiyohiyo, ukiwa na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.