Wino mwekundu wa insha ya zamani unavyokagua insha mpya

Muhula uliopita binti mmoja wa mwaka wa pili, anayesomea ualimu, aliingia ofisini kwangu na insha yake mkononi. Alikuwa amepata 11 kati ya 20. Hakuja kuomba alama. "Mwalimu," akasema, "rubriki niliisoma kabla ya kuandika, nikaisoma tena usiku wa kukusanya. Mwenyewe nilijipa 16. Hizo tano zimeenda wapi?"

Nilimwambia arudi kesho yake na insha zake zote zilizokwisha sahihishwa, hata zile anazozionea aibu. Akaleta tatu, zilizosahihishwa na walimu tofauti. Kwa saa moja na nusu tulizitumia kumtengenezea orodha yake ya kujikagua, na hicho ndicho ninachotaka kukieleza hapa, kwa sababu karibu kila mwanafunzi anayejikagua mwenyewe hukwama palepale alipokwama yeye.

Rubriki ile iligawa alama 20 hivi: hoja na uchambuzi 8, ushahidi 5, mpangilio 3, marejeo 2, lugha 2. Ni rubriki ya kawaida kabisa. Shida ni kwamba imeandikwa kwa ajili ya msahihishaji. Ninapokutana na maneno "hoja zimechambuliwa kwa kina", mimi nayaelewa kwa sababu kabla ya insha yako nimeshasoma nyingine thelathini za swali hilohilo. Najua iliyozama na iliyoelea. Wewe unayo moja tu, na umeiandika mwenyewe, kwa hiyo ukijiuliza kama ina kina utajibu ndiyo. Ungejibuje vingine baada ya kukesha nayo?

Kosa hili nimewahi kulifanya mimi mwenyewe nikiwa mwalimu. Nilichukua vigezo vya rubriki, nikavigeuza kuwa maswali ("Je, hoja zangu zina kina?", "Je, nimetumia ushahidi wa kutosha?"), nikawagawia darasa zima wajikague. Karatasi zilirudi zimewekwa vema kuanzia juu hadi chini, na insha zilikuwa zilezile za siku zote. Nikawalaumu kwa uvivu. Baadaye ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimewauliza maoni yao juu ya insha, badala ya kuwauliza kuna nini kwenye karatasi.

Basi tulianza na wino mwekundu, rubriki tukaiweka pembeni. Binti alinakili kwenye daftari kila alichoandikiwa pembezoni, neno kwa neno, bila kukipamba. "Chanzo?" ilijitokeza mara tano katika insha tatu. "Kwa hiyo?" mara nne. "Umeeleza, hujatathmini" mara mbili. Kulikuwa na "aya hii ni mbili", "tahajia", na mkwaruzo mmoja ambao hata mimi sikuweza kuusoma. Wa namna hiyo usiubahatishe. Mfuate aliyeuandika akusomee.

Kisha tukayachambua. Maoni mengine ni ya insha ile tu. Aliandika kwamba Azimio la Musoma lilikuwa 1977, msahihishaji akamkatia na kuandika 1974. Hilo ni kosa la kweli, maana 1977 ndio mwaka uliolengwa kuwa na elimu ya msingi kwa wote, lakini halihitaji nafasi kwenye orodha ya kujikagua. Insha ijayo haitahusu Azimio la Musoma. Kinachostahili kuingia ni tabia, yaani lile jambo ambalo walimu wawili wasiojuana wameliona katika kazi mbili tofauti.

Hapo ndipo rubriki iliporudi mezani, na kazi yake ikawa kupanga uzito. Kwa kuhesabu wino tu, "Chanzo?" ndiyo iliyoongoza, na binti alikwisha amua kwamba tatizo lake ni marejeo. Lakini tazama alama za insha ile ya 11: hoja na uchambuzi alipata 3 kati ya 8, ushahidi 3 kati ya 5, mpangilio 2 kati ya 3, marejeo 1 kati ya 2, lugha 2 kati ya 2. Katika alama 9 alizopoteza, 5 ziko kwenye hoja. "Kwa hiyo?" ilikuwa inamgharimu zaidi kuliko "Chanzo?", ingawa iliandikwa mara chache. Wasahihishaji huweka alama ya kuuliza palipo rahisi kuiweka. Penye tatizo kubwa wakati mwingine huandika neno moja wakapita.

Swali la insha lilikuwa: tathmini mafanikio ya sera ya Elimu ya Kujitegemea katika shule za msingi. Tukafungua rubriki kwenye kigezo cha hoja, na nikamkataza kusoma safu ya juu kabisa. Alianguka kwenye 3–4, kwa hiyo asome 3–4 na 5–6 tu, azilinganishe. Ya chini ilisema mwandishi "anaeleza sera na utekelezaji wake". Ya juu yake ilisema mwandishi "anapima utekelezaji kwa kuulinganisha na malengo ya sera". Ukifuta maneno yanayofanana, kinachobaki ni malengo na ulinganishaji. Hicho kinaweza kutafutwa kwenye karatasi, kwa kidole. Safu ya 7–8 ilikuwa na "umahiri" na "ubunifu wa kitaaluma", maneno ambayo hayana pa kuwekewa kidole.

Tukachukua aya moja ya insha yake iliyoandikiwa "Kwa hiyo?":

"Baada ya 1967 shule nyingi zilianzisha mashamba. Wanafunzi walilima mahindi na kufuga kuku. Mapato yalitumika kununulia vifaa vya shule."

Hakuna uongo humo, na lugha ni safi. Lakini aya inaishia kwenye habari. Malengo ya sera hayajatajwa, na mafanikio hayajapimwa. Nikamuuliza: Mwalimu Nyerere alipoiandika sera hii mwaka 1967, shamba la shule alilitakia nini? Akajibu bila kusita kwamba lilitakiwa liwe sehemu ya masomo yenyewe, na wanafunzi washiriki kuamua kinacholimwa na matumizi ya mapato. Anajua! Hakuandika tu. Akaongeza sentensi moja mwishoni: "Mapato hayo yanaonyesha kwamba shamba lilizalisha, lakini pale ambapo mwanafunzi alilima bila kushirikishwa katika maamuzi wala kujifunza hesabu za shamba, lengo la sera lilikuwa bado halijafikiwa." Sasa aya ina tathmini.

Swali la orodha likazaliwa hapo: pigia mstari sentensi ya mwisho ya kila aya, je, imerudi kwenye neno la swali, au inaendelea kusimulia? Sentensi za mwisho ni saba au nane katika insha ya maneno 1500. Kazi ya dakika kumi.

Hatua iliyofuata ndiyo ambayo wengi huiruka. Orodha yake ya kwanza hatukuipeleka kwenye insha mpya. Tulimpa insha ya zamani kabisa, ile yenye wino, wino wenyewe tukaufunika kwa vipande vya karatasi, akaikagua kwa orodha yake. Kama orodha inafanya kazi, lazima ipate yale ambayo msahihishaji aliyapata. Swali la sentensi ya mwisho lilipata "Kwa hiyo?" zote mbili zilizokuwamo. Lakini swali lake la pili, "Je, kila dai lina chanzo?", lilijibiwa ndiyo ukurasa mzima, wakati chini ya karatasi zile kulikuwa na "Chanzo?" tatu. Tukafunua na kusoma sentensi zenyewe. Mbili zilianza na "wataalamu wengi wanakubaliana" na moja ilisema "imethibitika kuwa". Kwake hayo hayakuwa madai. Yalikuwa namna ya kuanza sentensi.

Tukaliandika upya swali hilo kwa maneno yake mwenyewe ya mazoea. Bonyeza `Ctrl+F`, tafuta "wengi", "wataalamu", "tafiti", "imethibitika", kisha pitia kila tarakimu. Kila inapojitokeza, jina na mwaka wa chanzo viko ndani ya sentensi hiyo au inayofuata? Lilipojaribiwa tena, likazinasa zote tatu.

Orodha aliyoondoka nayo ilikuwa na maswali matano, na ninaiweka hapa kama alivyoiandika:

1. Kitenzi cha swali ni kipi (eleza, jadili, tathmini), na kiko wapi kwenye utangulizi wangu?
2. Sentensi ya mwisho ya kila aya inarudi kwenye swali?
3. Nikisoma sentensi za kwanza tu za aya zote, hoja inafuatika?
4. "Wengi", "wataalamu", "tafiti", "imethibitika", tarakimu: chanzo kiko hapohapo?
5. Kila jina lililo ndani ya insha liko kwenye marejeo, na kila lililo kwenye marejeo limo ndani?

Mpangilio huu si wa bahati. Maswali matatu ya kwanza yanaweza kukulazimisha ufute aya nzima, kwa hiyo yanafanywa siku moja kabla, wakati bado unaweza kuvumilia kufuta. La nne na la tano ni ya siku ya kukusanya. Nimewaona wanafunzi wakinyoosha nukta na mikato ya aya ambayo haikupaswa kuwamo. Na tafadhali usikague ukiwa umesimama steshenari, karatasi zikitoka kwenye printa.

Aliniomba aongeze ya sita, ya tahajia. Nilimkatalia, kwa kuwa lugha alikuwa amepata 2 kati ya 2. Orodha ikizidi maswali saba hivi, mtu huanza kuweka vema bila kuangalia, kama lile darasa langu la zamani. Kila swali jipya linaloingia, nalitaka limfukuze moja.

Kuna jambo ambalo orodha hii haitaweza kuliona: kama umelielewa swali vibaya tangu mwanzo, maswali yote matano yatapita na insha itaanguka. Hilo linahitaji jicho la mtu mwingine. Mpe mwenzako asome utangulizi peke yake, kisha akuambie swali lilikuwa nini bila kuonyeshwa. Akikosea, huenda si yeye aliyekosea.

Insha iliyofuata alipata 14: hoja 5, ushahidi 4, mpangilio 2, marejeo 2, na lugha 1, kwa sababu ya herufi zilizorukwa, jambo lililonifanya nimwombe radhi kuhusu lile swali la sita. Hakuna "Kwa hiyo?" hata moja. Chini ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na maoni mapya: "Hitimisho linarudia utangulizi." Alinionyesha daftari. Swali la tano lilikuwa limekatwa mstari, maana marejeo sasa huyapanga tangu anapoanza kuandika, na mahali pake ameandika: "Weka utangulizi na hitimisho ubavu kwa ubavu. Hitimisho linajua nini ambacho utangulizi haukukijua?"