"Peleka Fedha" au "peleka fedha"? Herufi kubwa kwenye vyeo na idara

Ujumbe wa ofisini unasema: "Maombi yako nimeyapeleka Fedha." Mwingine unasema: "Fedha nimezipeleka benki." Ukiyasoma kwa sauti, neno ni lilelile. Machoni, katikati ya sentensi ya kwanza, herufi F kubwa ndiyo inayomwambia msomaji kwamba hapa inatajwa idara, si noti. Ukiandika "nimeyapeleka fedha", atasimama, atarudi nyuma, kisha atakisia. Hali ni hiyohiyo kwa Utumishi, Sheria, Ugavi, Mipango na Masjala: karibu kila jina fupi la idara katika ofisi zetu ni nomino ya kawaida ambayo ina kazi nyingine katika lugha.

Kiswahili hakina kibainishi kama vile vya lugha nyingine ambavyo hutangulia nomino na kuonyesha kama anatajwa mtu maalumu au mtu yeyote. "Mkurugenzi" anaweza kuwa yule unayemjua au mkurugenzi wa popote. Kwa hiyo herufi ya kwanza hubeba kazi ambayo sarufi haikuifanya. Lakini sarufi inatusaidia kwa njia nyingine, na hapo ndipo tunaposhauri mtu aangalie kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Tazama upatanisho kwanza. Idara inapotajwa kwa jina fupi, kitenzi hufuata neno "idara" ambalo halikutamkwa: "Fedha imerejesha maombi", yaani Idara ya Fedha imerejesha. Pesa zenyewe zingekuwa "fedha zimerejeshwa". Vivyo hivyo "Ugavi imechelewa kujibu" si sawa na "ugavi umechelewa", ambao ni ule wa vifaa kutofika. Ukiona kitenzi chako kimechukua kiambishi cha idara au cha kitengo badala ya kile cha nomino yenyewe, umeshatamka jina maalumu, na jina maalumu huanza na herufi kubwa.

Kisha tazama kiambishi -ni cha mahali. Majina maalumu ya mahali hayakipokei: tunasema "yupo Dodoma", hatusemi "yupo Dodomani". Idara nazo hufuata mkondo huo. "Faili lipo Masjala" ni jina la kitengo, herufi kubwa. "Faili lipo masjalani" ni chumba, herufi ndogo. Ndiyo maana "wizarani", "idarani", "ofisini" na "kitengoni" huandikwa kwa herufi ndogo hata kama wizara inayotajwa ni moja tu na kila msomaji anaijua.

Kwa vyeo, kipimo kizuri ni kujaribu kuingiza "kila", "yeyote" au "mmoja wa" katika sentensi. Neno likizikubali bila maana kuharibika, hilo ni jina la aina ya kazi: "kila mkuu wa idara alete taarifa", "mhasibu yeyote aliyepo zamu", "mmoja wa wakaguzi wa ndani". Likikataa, kwa sababu unamsema mwenye kiti kimoja katika taasisi moja, ni jina la ofisi: "Barua imesainiwa na Katibu Mkuu", "Nimewasiliana na Mkaguzi Mkuu wa Ndani". Wingi nao hutoa jibu la haraka. Wakurugenzi, maafisa, makatibu muhtasi na wakuu wa vitengo, wakitajwa kwa pamoja katikati ya sentensi, wanatosheka na herufi ndogo.

Vivumishi vimilikishi na vioneshi hushusha neno pia. "Mkurugenzi wetu", "mkurugenzi huyo", "idara yenu", "kitengo hicho": hapa "wetu" na "huyo" ndivyo vinavyoonyesha, na jina lenyewe limebaki la kawaida. Wapo wahariri wanaoandika "Mkurugenzi huyo" kwa herufi kubwa popote lilipo. Si kosa la kumfanya mtu aitwe ofisini, mradi ujumbe mzima uwe na mtindo mmoja. Sisi tunapendelea ndogo, kwa kuwa anayeanza kuiandika kubwa hujikuta anaandika pia "Idara yake" na "Kikao hicho", na baada ya mistari mitano kila nomino imesimama wima.

Tabia hiyo ya kukuza kila neno ina chanzo kinachoeleweka. Watumishi wengi wamejifunza kuandika kwa kusoma sheria, mikataba na Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ambamo Rais, Waziri Mkuu, Mbunge na Bunge huandikwa kwa herufi kubwa kila yanapotajwa. Katika maandiko ya kisheria maneno ya namna hiyo hupewa maana mahususi, na herufi kubwa hulinda maana hiyo. Mkataba wa ajira hufanya vivyo hivyo: unasema mwanzoni kwamba fulani ataitwa "Mwajiri" na fulani "Mwajiriwa", kisha herufi kubwa zinafuata hadi ukurasa wa saini. Barua pepe ya kukumbusha watu kikao haina kifungu cha tafsiri, kwa hiyo haina sababu ya kuwa na "Wajumbe", "Ukumbi" na "Chai".

Cheo kikitangulia jina la mtu, hakuna mjadala: Rais Samia Suluhu Hassan, Mwalimu Julius Nyerere. Na "Mwalimu" ni mfano mzuri wa nguvu ya herufi moja. Nchini Tanzania, "Mwalimu alisema" katikati ya habari ni mtu mmoja tu, na "mwalimu alisema" ni yeyote kati ya walimu wote wa nchi. Anapoitwa mtu kwa cheo chake pia tunaandika kubwa: "Ninakushukuru, Ndugu Mkurugenzi, kwa majibu yako."

Cheo kirefu kina utaratibu wake ndani. Maneno yenye uzito huanza na herufi kubwa, viunganishi hubaki vidogo: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hapo "na", "wa" na "za" hazikui hata kidogo. Kosa linaloonekana mara nyingi ni cheo kilichokatwa katikati, kama "Mhasibu mkuu" au "mkurugenzi wa Fedha". Ama ofisi nzima imetajwa kwa jina, "Mkurugenzi wa Fedha", ama ni kazi tu, "mkurugenzi wa fedha". Nusu kwa nusu haina maana yoyote. "Kaimu" na "Naibu" ni sehemu ya cheo, kwa hiyo "Kaimu Mkurugenzi wa Fedha". Lakini "kaimu" likiwa kitenzi hubaki chini: "anakaimu nafasi ya Mkurugenzi wa Fedha".

Idara mbili zikitajwa pamoja, uangalifu unahitajika zaidi. "Idara ya Fedha na Utawala" ni idara moja yenye jina la maneno mawili. "Idara za Fedha na Utawala" ni mbili, na kwa kuwa "idara" sasa ni wingi wa kawaida, tunaandika "idara za Fedha na Utawala". Herufi i ndogo na neno "za" vinasema jambo moja, na msomaji hatapeleka nakala moja mahali palipohitaji mbili.

Sasa chukua ujumbe huu wa mfano:

"Kufuatia kikao cha jana, mkurugenzi wa Fedha ameagiza kila Mkuu wa Idara awasilishe Bajeti ya Idara yake kwa kitengo cha Usimamizi Wa Ununuzi kabla ya Ijumaa. Maafisa Ugavi watakaochelewa watoe maelezo kwa Mkurugenzi huyo, na nakala ipelekwe masjala."

Mkurugenzi aliyeagiza ni mmoja na ofisi yake imetajwa yote, kwa hiyo M inakuwa kubwa. "Kila" inamshusha mkuu wa idara. Bajeti haijawahi kuwa cheo wala idara, na "idara yake" ina kimilikishi. Kitengo kimetajwa kwa jina kamili, basi K inapanda na "Wa" inashuka. Maafisa wapo mwanzoni mwa sentensi, hivyo M ni halali, ila "ugavi" hakuna kinachoiinua, maana ni maafisa wengi. Mkurugenzi amefuatwa na "huyo". Masjala haina -ni, ni jina la kitengo. Matokeo:

"Kufuatia kikao cha jana, Mkurugenzi wa Fedha ameagiza kila mkuu wa idara awasilishe bajeti ya idara yake kwa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi kabla ya Ijumaa. Maafisa ugavi watakaochelewa watoe maelezo kwa mkurugenzi huyo, na nakala ipelekwe Masjala."

Ile "Wa" kubwa katikati ya cheo mara nyingi haikuandikwa na mtu. Huletwa na kompyuta, kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni vitufe vya Shift+F3 kwenye Word, ambavyo hubadilisha maneno uliyoyachagua kutoka ndogo zote hadi kubwa zote, au kuanza kila neno kwa kubwa. Programu haijui kwamba "wa" ni kiunganishi. Ya pili, yenye madhara mapana zaidi, ni orodha ya watumishi iliyopo kwenye Excel. Mtu huikuta imeandikwa kwa herufi kubwa zote, anaisafisha kwa amri ya PROPER, kisha anaitumia kutuma barua pepe kwa watu 200 kwa pamoja, cheo kikichomekwa katikati ya sentensi. Kila mpokeaji anasoma "Mkurugenzi Wa Utawala Na Mipango". Viunganishi virudishwe chini hukohuko kwenye jedwali, kabla ya kutuma:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(PROPER(A2)," Wa "," wa ")," Na "," na ")
```

Nafasi kabla na baada ya "Wa" ndani ya alama za nukuu ni za lazima. Bila hizo amri itagusa pia "Wa" iliyo mwanzoni mwa neno jingine, na "Waziri" atageuka "waziri". Kwa "Ya", "Za", "Cha" na "La" ongeza tabaka jingine la SUBSTITUTE kwa mtindo uleule. Angalia pia vifupisho, kwa sababu PROPER hugeuza TEHAMA kuwa "Tehama" na TAKUKURU kuwa "Takukuru". Hivyo virekebishwe kwa mkono, au viongezewe SUBSTITUTE yake:

```
=SUBSTITUTE(PROPER(A2),"Tehama","TEHAMA")
```

Ukimaliza, panga safu hiyo kwa alfabeti na uipitie kwa macho mara moja. Vyeo vinavyofanana vitakaa pamoja, na kile kilichoandikwa tofauti na wenzake kitajitokeza chenyewe.