Mbwa wa miaka 6 si mtu wa miaka 42

“Mbwa wangu ana miaka 6. Nikizidisha kwa 7, si ni sawa na mtu wa miaka 42?”

Inategemea ukubwa wake. Mwaka wa kwanza wa mbwa hauwezi kuwa miaka 7 ya binadamu: jike wengi huingia joto kabla hata ya kutimiza mwaka, na mtoto wa darasa la kwanza hazai. Madaktari wa mifugo hukadiria mwaka huo kuwa kama miaka 15, na wa pili huongeza kama 9. Hapo ni 24. Baada ya hapo njia zinaachana.

Chukua chiwawa, mbwa mdogo sana, wa Kirumba na Greti Deni, mbwa jitu, anayelinda nyumba Capri Point, wote wana miaka 6. Chiwawa huongeza takribani miaka 4 kila mwaka, kwa hiyo yuko kwenye 40. Greti Deni huongeza karibu 7, naye ameshafika 52. Wakifikisha 10, mmoja ni 56, mwingine 80, na Greti Deni wengi hawafiki huko.

Ajabu ni kwamba kwa wanyama kwa jumla, wakubwa ndio huishi zaidi. Tembo humpita panya mbali. Ndani ya mbwa mambo yamegeuka. Jitu hukua kwa kasi kubwa mno, likisukumwa na homoni za ukuaji, na uzee ukianza hukimbia.

Kwa hiyo mbwa mkubwa mpeleke akapimwe viungo na moyo kuanzia miaka 5 au 6. Akisitasita kuinuka asubuhi, usiseme ni uvivu.