Mzunguko wa asidi ya sitriki hautengenezi ATP 36

Kila msimu wa mitihani ya mwaka wa kwanza, jibu lile lile hurudi: "Mzunguko wa Krebs hutoa ATP 36." Hautoi. Mzunguko wa Krebs ndio huo wa asidi ya sitriki, na ATP ni molekuli inayobeba nishati ya seli. Kwa glukosi moja, mzunguko wenyewe hutoa ATP mbili tu, au mbili za GTP, molekuli inayofanana nayo, kutegemea tishu.

Mzunguko wenyewe huelezeka kwa ufupi. Ndani ya matriksi ya mitokondria, asetili yenye kaboni mbili, ikiletwa na koenzaimu A, huungana na oksaloasetati yenye kaboni nne, ikapatikana sitrati yenye kaboni sita. Kaboni mbili hutoka kama kaboni dioksidi, oksaloasetati hurudi, na kazi huanza upya. Hans Krebs aliueleza mwaka 1937 akiwa Sheffield.

Kinachovunwa humo hasa ni elektroni, na hapo ndipo watu hupotea. Isositrati inapopoteza kaboni, NAD⁺, mbebaji wa elektroni, huchukua elektroni mbili na kuwa NADH. Hatua inayofuata, ya alfa-ketoglutarati, hufanya vivyo hivyo. NADH ya tatu hupatikana mwishoni, malati inapogeuka oksaloasetati. Kati yao kuna suksinati kugeuka fumarati: nishati ya hatua hiyo haitoshi kuipa NAD⁺ elektroni, kwa hiyo FAD, mbebaji mwingine, ndiyo huzipokea na kuwa FADH₂. FAD hiyo imeshikamana na kimeng'enya kilicho kwenye utando wa ndani, na elektroni zake huingia kwenye mnyororo wa kusafirisha elektroni, ambako nishati yake hutumika kutengeneza ATP, zikiwa zimeikwepa pampu ya kwanza ya protoni. Ndiyo maana FADH₂ huleta ATP 1.5 hivi, NADH 2.5 hivi.

Basi mzunguko mmoja hutoa NADH 3, FADH₂ 1 na GTP 1. Glukosi huleta asetili mbili, kwa hiyo zidisha kwa mbili: 6, 2 na 2. NADH za glaikolisisi na za piruvati, hatua zinazotangulia mzunguko, zina hesabu yake, usizichomeke hapa. Na ile 36 ni makadirio ya zamani ya upumuaji wote wa seli. Hesabu za sasa hukaa karibu na 30 hadi 32.

Oksijeni nayo huchanganya. Haionekani katika hatua hata moja ya mzunguko, lakini ikikosekana mzunguko husimama. Ni kama kreti za soda: usiporudisha chupa tupu, gari halikuachii mzigo mpya. Oksijeni hupokea elektroni mwisho wa mnyororo, NADH ikabaki NAD⁺ tupu na kurudi kazini. Bila hiyo, NAD⁺ zote hujaa, na isositrati haina wa kumkabidhi elektroni.

Kwa hiyo ukiulizwa kama mzunguko unatumia oksijeni, usiandike "ndiyo" ukaishia hapo. Andika kwamba hauitumii moja kwa moja, bali huitegemea ili NAD⁺ na FAD zipatikane tena.