Je, wajua kwa nini ED ya siku tatu, yaani mapumziko ya ugonjwa aliyoandika daktari, hugeuka siku nne kwenye barua pepe?

"Daktari alinipa siku tatu kuanzia tarehe 10. Nikaandika tarehe 10 hadi 13, nikaambatisha na cheti. Kwa nini nimeambiwa tarehe hazilingani?"

Kwa sababu ulijumlisha badala ya kuhesabu. Kumi na tatu ni kumi na tatu, hilo halina ubishi, lakini siku ya kuanzia nayo inahesabiwa. Hesabu kwa vidole: 10 moja, 11 mbili, 12 tatu. Basi, zimekwisha. Tarehe 13 ni siku ya kuripoti kazini, na ukiiweka baada ya "hadi" unakuwa umejiongezea siku ambayo daktari hakukupa.

Kwa Tanzania jambo hili linagusa mfuko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Pasipo cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kulipa. Kwa hiyo afisa rasilimali watu hasomi barua yako kwa huruma tu. Anaiweka kando ya ED na kulinganisha tarehe. Hiyo siku ya nne haina karatasi, na mbele yake inasomeka kama utoro.

Tuchukue barua yenyewe, iliyoandikwa Juni 2025:

"Habari za kazi mkuu. Jana usiku nilienda hospitali nikapewa ED siku ya tatu kuanzia 10/06 hadi 13/06. Sita weza kufika ofisini. Cheti cha daktari imeambatishwa."

Anza na "jana usiku". Mgonjwa alitoka nyumbani Jumatatu tarehe 9, akaonwa na daktari saa saba na dakika ishirini usiku. Kwake yeye bado ni Jumatatu. Kompyuta ya hospitali imeshavuka, imechapa 10/06/2025, 01:20. Wazee wa pwani wala wasingeshangaa, maana kwao siku huanza jua likizama, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Ofisini huna nafasi ya kueleza hayo yote. Andika "usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 10 Juni", na karatasi zako mbili zitasema kitu kimoja. Faida nyingine ni kwamba "jana" hubadilika kulingana na siku mkuu atakayofungua barua, tarehe haibadiliki.

Mwezi nao uandike kwa herufi. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani huisoma 10/06 kuwa tarehe 6 Oktoba. Ingekuwa 25/06 kosa lingejulikana mara moja, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, ila tarehe 12 kurudi nyuma hupita kimya kimya.

Sasa lugha. "Siku ya tatu" ni siku moja, ile inayofuata ya pili. Ulichopewa ni "siku tatu". Hapo kineno kidogo tu kimebadilisha hesabu nzima. "Sita weza" inamfanya msomaji aone namba sita. Kiambishi hakiachani na kitenzi, ni "sitaweza". Na cheti ni cha ngeli ya KI-VI, kwa hiyo "kimeambatishwa". Hili la mwisho halimpotezi mtu, ila linachoma macho.

Ikisahihishwa inakuwa hivi:

"Habari za kazi mkuu. Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, nilienda hospitali nikapewa ED ya siku tatu, yaani tarehe 10, 11 na 12 Juni. Nitaripoti kazini Ijumaa, tarehe 13 Juni. Cheti cha daktari kimeambatishwa."

Jina la ugonjwa sikuliweka, na nadhani halina kazi hapo. Siku nimezitaja mojamoja makusudi, kwa kuwa "hadi" kila mtu huisoma anavyojua. Kabla ya kutuma, fungua kalenda uone kama tarehe 13 kweli ni Ijumaa, kisha fungua kiambatisho chenyewe: picha nyingi za simu hukata pembeni, palepale penye mhuri na tarehe.

Na ukikuta aliyekosea tarehe ni daktari, usiiguse kwa kalamu yako hata kama kosa liko wazi. Cheti kilichochorwachorwa na mgonjwa ni cheti cha kughushi. Kirudishe kwake akate mwenyewe, aandike upya, atie sahihi na mhuri kando ya marekebisho, ndipo upige picha nyingine.